Shangazi, nina mwaka mzima Dar na sina mtu

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 26, nimetoka Songea kuja kufanya kazi ya uhasibu Posta. Nimepanga chumba Kimara. Natoka alfajiri kuwahi mwendokasi, narudi saa mbili usiku. Jumapili naenda misa, narudi kulala. Jirani yangu simjui hata jina. Juzi niliumwa siku tatu, hakuna aliyegonga mlango. Nifanye nini?*

Marahaba binti yangu, na pole kwa kuugulia ndani peke yako.

Jirani zako hawana roho mbaya. Unapotoka wamelala, unaporudi wamejifungia. Na misa ya Jumapili haitakupa mtu, kwa sababu parokia za Dar zina umati. Mnapeana mkono wa amani, misa ikiisha kila mtu anakimbilia daladala. Wakatoliki wa mjini wanajuana kwenye jumuiya ndogo ndogo, zile kaya chache za mtaa mmoja zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba, kwa kawaida Jumamosi asubuhi kabla watu hawajatawanyika. Huko ndiko mgonjwa anakotafutwa na msiba unakobebwa.

Kwa hiyo Jumapili hii baada ya misa, nenda ofisi ya parokia, taja unapokaa, uulize jumuiya yako ni ipi na mwenyekiti wake ni nani. Mpigie simu mama yako Songea akuombee barua ya utambulisho kwenye parokia yenu, maana huenda ukaulizwa. Mwenyekiti mpigie kabla ya Jumamosi, umwombe mtu wa kukupitia, uingie nyumba ya watu ukiwa na mwenyeji.

Wiki za mwanzo zitakuwa ngumu. Watakuuliza jina lako tena na tena, na wewe utataka kukaa karibu na mlango ili uondoke upesi. Hapo ndipo wageni wengi wanapokata tamaa. Omba kazi: soma somo, na wakijua u mhasibu, daftari la michango litakufuata lenyewe. Mwenye daftari asipoonekana Jumamosi moja, anapigiwa simu.

Michango ni mingi, nakuambia mapema: harusi, mgonjwa, ujenzi wa kanisa. Sema tangu mwanzo kiasi unachokiweza, usikope ili upendwe.

Nami naomba unichunguzie jambo moja. Ikiwa kwa wiki mbili hivi usingizi umepotea, chakula hakipiti, au unawaza afadhali ufe, usingoje Jumamosi. Mwambie mama leo, na uende hospitali. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili, na hata daktari wa hospitali iliyo karibu nawe anaweza kukuandikia rufaa.

Zamu ya kusali kwako ikifika, usiikwepe kwa kuona aibu ya chumba kimoja. Azima mikeka kwa jirani huyo usiyemjua jina, chemsha chai, inatosha. Wasioenea ndani watakaa barazani.