Namba ni yake, picha ni yake, lakini ni yeye anayeandika?

"Rafiki yangu wa Nakuru ameniandikia WhatsApp kwamba mtoto amelazwa, nimtumie 8,000 haraka kwa namba ya muuguzi. Namba inayoniandikia ni yake ile ile na picha iko. Nimempigia hapo hapo WhatsApp, hakushika, akasema maiki imeharibika. Nitume?"
— Mama Baraka, Kondele, Kisumu

Usitume bado, Mama Baraka. Toka WhatsApp umpigie kwa laini ya kawaida, kwa namba uliyoihifadhi zamani.

Akaunti ya WhatsApp hufunguliwa kwa kodi ya tarakimu sita inayoletwa kwa SMS. Mwizi akimlaghai rafiki yako amtajie kodi hiyo, anaifungua akaunti kwenye simu yake mwenyewe, na mwenyewe anatolewa. Lakini laini bado imo kwenye simu ya rafiki yako huko Nakuru. Kwa hiyo ukipiga kwa WhatsApp inaita kwa mwizi, ukipiga kawaida inaita kwa mwenyewe. Hiyo maiki mbovu, kwa maoni yangu, ni njia tu ya kuficha sauti.

Asiposhika, mtafute mumewe au mtu wa chama chenu. Huenda na wao wameombwa.

Kuna wakati laini yenyewe imehamishwa kwenye kadi nyingine, na hapo hata simu ya kawaida itashikwa na mwizi. Basi muulize swali, ila lisiwe la jambo mliloandikiana, maana anaweza kuwa anasoma jumbe zenu za zamani. Mimi hupenda swali lenye uongo ndani: "Pole, ni Kevo ndiye amelazwa?" ilhali hana mtoto wa jina hilo. Rafiki wa kweli atashangaa, "Kevo gani?" Mwizi atajibu, "Ndiyo, yuko hali mbaya."

Kuhusu hiyo namba ya muuguzi, M-Pesa itakuonyesha jina la mwenye laini kabla hujakamilisha. Jina hilo halithibitishi kuwa ni muuguzi, kwa kuwa wezi hutumia laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine. Omba Paybill ya hospitali, na uipate kwa kuwapigia hospitali wenyewe.

Ikiwa tayari umetuma, sambaza ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 mara moja. Pesa zikishatolewa kwa ajenti, kuzirudisha ni vigumu. Namba ya mwizi iripoti kwa 333.

Naye rafiki yako ukimpata, mwambie aingize namba yake upya kwenye WhatsApp na kodi itakayokuja kwa SMS. Papo hapo mwizi atatolewa. Akiulizwa PIN asiyoijua, ni mwizi aliyeiweka. Itabidi asubiri siku 7 ndipo aingie bila hiyo PIN, lakini mwizi naye atakuwa nje muda huo wote.