Kamera Tatu Ukumbini Kisumu: Niliyojifunza Siku Stima Ilipopotea

Saa nane na nusu mchana, siku ya kwanza ya kongamano la wahudumu wa afya ya jamii katika hoteli moja ya Kisumu inayotazama ziwa, mvua ilishuka na stima ikapotea. Jenereta ya hoteli ilikohoa mara mbili ikanyamaza, na tukakaa dakika 9 bila umeme. Meza yetu ilikuwa na UPS, kwa hiyo swicha, yaani kile kisanduku cha kuchagua kamera ipi iende hewani, haikuzimika. Laptopu na modemu zilikuwa na betri zake. Hata hivyo watazamaji wa mtandaoni walibaki na picha moja ya mbali isiyo na sauti. Wewe unayeanza kazi hii ya matangazo mubashara, nataka nikupitishe katika mpango wetu wa siku ile, yale tuliyopanga vizuri na yale tuliyoyasahau.

Ukumbi ule ni mrefu. Jukwaa liko kaskazini, madirisha ya ziwa yako upande wa magharibi, mlango uko mashariki, na meza yetu tuliiweka nyuma kabisa. Kabla sijaweka stendi yoyote chini huwa nauliza maswali mawili. Jua litakuwa wapi alasiri? Na lenzi nilizo nazo zitafika?

Swali la lenzi lina hesabu rahisi. Zidisha umbali kwa mita na upana wa sensa kwa milimita, kisha gawa kwa urefu wa lenzi, yaani ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake. Kamera ya nyuma ilikuwa mita 20 kutoka mimbari, sensa yake ina upana wa milimita 36, na lenzi yangu ndefu ni ya milimita 200. 20 mara 36 ni 720, gawa kwa 200, unapata 3.6. Maana yake, hata ukivuta hadi mwisho, picha itakuwa na upana wa mita 3.6, na msemaji ataonekana na mimbari yake yote pamoja na maua ya pembeni. Picha ya kichwa na mabega inataka upana wa mita 1.5 hivi, na ili niipate kwa lenzi hiyo lazima nisogee hadi mita 8. Ndiyo sababu kamera ya nyuma tuliipa kazi ya picha pana peke yake, na ile lenzi ndefu tukaipeleka kwenye kamera ya pili, karibu na madirisha, mita 8 kutoka mimbari. Nimeona vijana wengi wakipanga kamera mbili nyuma, bega kwa bega, halafu wanashangaa mbona picha zote mbili zinafanana.

Kamera ya tatu ilikuwa ya kutazama wasikilizaji, na hapa niliwahi kukosea vibaya huko nyuma. Katika ukumbi huohuo niliiweka upande wa mlango kwa sababu palikuwa na nafasi. Ilipofika saa tisa, mwanga wa ziwani ukawa unaingia moja kwa moja kwenye lenzi, na kila aliyesimama kuuliza swali akawa kivuli cheusi. Kulikuwa na kosa jingine nililoligundua nyumbani tu. Msemaji alionekana akitazama kulia, na muulizaji naye akitazama kulia, kana kwamba wote wawili wanaongea na mtu wa tatu aliye nje ya picha. Chora mstari wa kufikirika kutoka kwa msemaji hadi kwa muulizaji, kisha weka kamera zinazowapiga upande mmoja wa mstari huo. Safari hii kamera ya tatu ilikaa kwenye kona ya jukwaa, upande wa madirisha. Jua likawa mgongoni mwake, msemaji akatazama kulia, muulizaji akatazama kushoto, na mazungumzo yakaeleweka.

Mambo ya mipangilio nitayapita haraka. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo weka kamera zote kwenye fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, la sivyo taa za ukumbi zitapepesa. Funga rangi nyeupe kwa mkono, kamera zote kwa wakati mmoja, kwa karatasi nyeupe ileile, ili rangi zao zilingane. Jukwaa dogo la kamera ya nyuma asipande mtu mwingine, maana kila hatua itaonekana hewani kama tetemeko.

Sasa mawasiliano. Hatukuwa na intakomu ya dukani. Tulitumia simu zetu zenye programu ya Mumble, tukaziunganisha kwenye ruta yetu wenyewe. Wifi ya hoteli usiiguse kwa kazi hii. Wageni 250 wakishaingia, sauti itakuwa inafika nusu nusu. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege kwanza, ndipo wifi iwashwe, kwa sababu shangazi wa mpiga kamera akipiga kutoka Siaya katikati ya hotuba, programu itanyamaza na wewe utabaki unaita hewa tupu.

Zamani tulikuwa tukiziita kamera kwa namba. Tatizo ni kwamba "moja" na "ngoja" masikioni, ukumbi ukipiga makofi, ni neno lilelile. Nimewahi kusema "ngoja" mpiga kamera wa kwanza akahama. Siku hizi naziita kwa mahali zilipo: Nyuma, Ziwa, Kona. Jina linatangulia, amri inafuata: "Ziwa, jiandae. Ziwa, hewani." Nikisema kinyume, kila mtu anashtuka kwanza kabla ya kujua anayeambiwa ni nani. Aliye hewani hasogei mpaka nimtoe. Asiye hewani anatafuta picha inayofuata bila kuambiwa, na akiipata hasemi kitu, maana yuko hatua mbili kutoka kwa wageni. Anatikisa kamera juu na chini kidogo, kama mtu anayekubali, nami naona kwenye skrini kwamba yuko tayari. Kona hasa nilimwambia: ukiona mkono umenyooshwa, kaa juu ya huyo mtu, usingoje maikrofoni imfikie.

Turudi kwenye saa nane na nusu. Wakati stima inapotea, Ziwa ndiyo iliyokuwa hewani, na skrini ikawa nyeusi. Kamera yenyewe ilikuwa inafanya kazi, ina betri. Kilichokufa ni kigeuzi. Kebo ya HDMI ikizidi mita 10 hivi huanza kukatakata picha, na Ziwa na Kona zilikuwa mbali na meza, kwa hiyo kila moja ilikuwa na kigeuzi kidogo cha kupeleka picha kwa kebo ya SDI, ambayo hufika makumi ya mita bila shida. Vigeuzi hivyo tulikuwa tumevichomeka kwenye soketi za ukutani. Meza nzima ina UPS, na kifaa cha ukubwa wa kiberiti kinaning'inia kwenye stima ya hoteli! Nikakata kwenda Nyuma, ambayo kebo yake ni fupi na haihitaji kigeuzi. Watazamaji wa mtandaoni walikaa gizani kama sekunde 4.

Sauti ndiyo iliyotuumiza zaidi. Mikisa ya ukumbi ilizimika pamoja na spika, nasi tulikuwa tunachukua sauti kutoka hapo. Msemaji, muuguzi mwenye kifua kweli, hakujali. Alisogea mbele ya mimbari akaendelea kwa sauti yake, na ukumbi ukamsikia vizuri. Mtandaoni alikuwa anafungua mdomo tu.

Nikajiambia, basi, tutachukua sauti ya dakika hizo kwenye kadi za kamera. Tulikuwa tumekubaliana kila kamera irekodi kwenye kadi yake, mbali na rekodi ya swicha. Nyuma ilirekodi, lakini maikrofoni ya kamera kwa mita 20 inaleta mwangwi zaidi ya maneno. Ziwa, iliyokuwa mita 8, ndiyo ingetuokoa. Ilikuwa imeacha kurekodi zamani. Kamera ile, kama nyingi za picha za kawaida za miaka ya nyuma, hujisimamisha ikifika dakika 29 na sekunde 59, na mpiga kamera alikuwa anatazama picha, si ile nukta nyekundu. Kona ilirekodi, ila ilikuwa imewaelekea wasikilizaji. Hata hivyo ilikuwa kwenye kona ya jukwaa, na msemaji alikuwa amesogea mbele, karibu nayo. Tulipata maneno yake kwa bahati hiyo, tukayapandisha kwenye picha ya Nyuma. Kulinganisha kulikuwa rahisi kwa sababu baada ya mlo wa mchana, kamera zote zilipoanza kurekodi, nilisimama mbele yake nikapiga kofi moja kubwa. Mlio wa kofi unaonekana kwenye kila rekodi kama mwiba.

Usiku ule tulibadilisha mambo manne. Vigeuzi vilihamia kwenye betri ndogo za kuchajia simu, vile vinavyokubali umeme wa USB. Tulimwomba fundi wa sauti, naye akatukubalia mikisa na vipokezi vya maikrofoni vichomekwe kwenye UPS ya pili. Hivyo havili umeme mwingi, na spika za ukumbi zikizima, sauti bado inafika hewani. Rekoda ndogo ya betri ikafichwa kwenye mimbari. Na kila baada ya dakika 25 nikawa naita: "Kona, anzisha upya," kisha Ziwa, kisha Nyuma, kila mmoja akiwa nje ya hewa.

Kadi tulizipigia hesabu pia. Kamera inayorekodi megabiti 50 kwa sekunde hula gigabaiti 22.5 kwa saa. Saa tatu za kurekodi asubuhi ni gigabaiti 67.5, basi kadi ya 128 inafika mlo wa mchana bila wasiwasi, na hapo inabadilishwa hata kama haijajaa. Kwenye laptopu, OBS, programu yetu ya kurusha na kurekodi, ilikuwa imewekwa irekodi `mkv`, kwa sababu faili la kawaida la `mp4` likikatizwa na stima kabla ya kufungwa mara nyingi halifunguki kabisa. Ukimaliza unaigeuza `mkv` hiyo kuwa `mp4` kwa menyu ya Remux Recordings.

Saa tatu usiku, kila kitu kikiwa kimewashwa na mmoja wetu akihesabu namba kwenye maikrofoni, nilimwomba fundi wa hoteli azime stima ya ukumbi kwenye kabati kuu. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Akazima. Kwenye giza picha zote tatu zilibaki kwenye skrini, na sauti ikaendelea: "kumi na saba, kumi na nane." Ruta ya intakomu ndiyo iliyokufa. Hatukuwa tumeikumbuka.