Re: Picha za daftari kuwa PDF moja

"Nikiunga picha za daftari, ukurasa wa 10 unakuja kabla ya wa 2, na nikisachi neno silipati."

Mambo ndugu, cheki kwanza majina, kompyuta inasoma herufi moja moja ndo maana 10.jpg inatangulia 2.jpg. Mi huku Dodoma natumia Linux, hiyo -v inapanga kwa namba, ila majina yasiwe na nafasi:

```
img2pdf $(ls -v *.jpg) -o a.pdf
ocrmypdf -l swa a.pdf b.pdf
```

Uwe umeinstoli img2pdf, ocrmypdf na tesseract-ocr-swa ya Kiswahili. Hiyo ocrmypdf ndo inasoma maneno kwenye picha ili uweze kuyasachi. Sasa mwandiko wa mkono hapo inakosea sana, inazoea maandishi ya kuchapa, kwa hiyo chapa orodha ya mada na namba za kurasa, isevu kama picha 0.jpg kabla ya kuunga, itakaa mbele na utasachi humo.