Tepu Ipite Wapi Unapopima Kichwa cha Kununulia Helmeti

Shemeji yangu alinipigia simu akitaka kuagiza helmeti ya pikipiki mtandaoni. Alikuwa ameshajipima. "Kichwa changu ni 57," akasema, "na jedwali linasema M ni 57 hadi 58, kwa hiyo naagiza M." Nikamwomba kabla hajalipa ajizungushie tena tepu, kisha mtu ampige picha ya ubavuni. Nimeuza helmeti muda wa kutosha kujua kwamba namba ya kwanza anayokuja nayo mteja huwa ndogo kuliko kichwa chake, na sababu karibu kila mara iko nyuma, mahali asipopaona.

Picha ilipofika, ilikuwa hivyo hivyo. Mbele tepu ilikuwa imekalia nyusi zenyewe, na nyuma imeteleza hadi pale nywele zinapoishia shingoni. Alikuwa amepima mduara, sawa, ila haukuwa ule ambao helmeti inaushika.

Tunachotafuta ni mduara mpana kuliko yote. Mbele, tepu ipite kwenye paji la uso, juu ya nyusi kwa sentimita 2 na nusu hivi, kama upana wa kidole gumba. Pembeni ipite juu ya masikio bila kuyakunja. Nyuma ipite pale kisogo kinapotokeza zaidi. Papase kwa vidole kutoka shingoni kwenda juu: utakuta mfupa unabinuka kwenda nje, na kilele cha huo mbinuko ndipo tepu inapokaa. Ukiishusha chini ya hapo inaingia kwenye bonde la shingo, na mzunguko unapungua bila wewe kuhisi chochote.

Ndiyo maana ni vizuri kupimwa na mtu mwingine. Anayejipima peke yake mbele ya kioo anauona upande wa paji tu, na mikono inavyochoka tepu inashuka nyuma. Kama huna mtu, tumia vioo viwili au jipige picha ya ubavuni kama shemeji. Tepu ilale mstari mmoja, iguse ngozi pande zote bila kuzama. Pima mara tatu, kila mara ukiiondoa na kuirudisha, kisha chukua namba kubwa kabisa. Usitafute wastani, kwa sababu tepu ikienda pembeni ya mduara mpana kosa lake karibu kila mara ni kupunguza.

Kuhusu kifaa chenyewe: tepu laini ya fundi cherehani ndiyo inayofaa. Ile ya chuma ya seremala haikunjiki vizuri. Ukikosa tepu, chukua uzi usiovutika, uzungushe, weka alama kwa kalamu, kisha unyooshe juu ya rula. Na kama jedwali limeandikwa kwa inchi, zidisha kwa 2.54 upate sentimita. Nywele zipime jinsi utakavyovalia helmeti. Mtu wa rasta au nywele zilizosukwa akipimwa siku amenyoa, namba hiyo haitamfaa tena nywele zikirudi.

Tukarudia kwa shemeji. Safari hii tulipata 58.3, kisha 58.5 mara mbili. Tukashika 58.5. Hapo ndipo akaanza kulalamika, maana jedwali la helmeti aliyoitaka lilikuwa na M ya 57 hadi 58 na L ya 59 hadi 60. Kichwa chake kiko katikati, kwenye pengo. "Sasa si nichukue kubwa tu, niwe huru?"

Kwa helmeti ya pikipiki, mimi huanza na ndogo. Sponji za ndani hulegea kadiri zinavyovaliwa, hasa za mashavuni, kwa hiyo helmeti inayokaa kwa starehe kabisa siku ya kwanza itakuwa imepwaya baadaye. Lakini kuanza na ndogo hakumaanishi kuinunua kwa macho yamefungwa. Jedwali linakupa saizi ya kujaribu kwanza, halikuhakikishii kwamba itakukaa. Nikamwambia aende duka lenye helmeti hiyo hiyo, avae M na L zote mbili.

L iliingia kirahisi na akaipenda papo hapo. Nikamwambia aishike kwa mikono miwili pembeni, atulize kichwa, kisha aizungushe kushoto na kulia. Ilizunguka yenyewe juu ya ngozi. Helmeti inayotosha huvuta ngozi ya paji na mashavu iende nayo. M ilimbana mashavu hadi akawa anaongea kama mwenye chakula mdomoni, lakini alipoizungusha, ngozi ilifuata. Kisha akafunga mkanda wa kidevu, na muuzaji akashika ukingo wa chini wa nyuma, akausukuma juu na kwenda mbele. Haikutaka kutoka. Hilo jaribio usiliruke hata kama unaona haya dukani: helmeti inayovuka kichwa kwa kusukumwa na mkono haina la kukusaidia barabarani.

Baada ya hapo akae nayo kichwani dakika 15 hadi 20. Hapa ndipo wengi hukosea kusoma dalili. Mbano ulioenea sawasawa pande zote ni mzuri. Maumivu yanayokusanyika sehemu moja, na alama nyekundu inayobaki ukiivua, ni habari nyingine: hiyo ni shida ya umbo, na saizi haiitibu. Tepu inakupa urefu wa mzunguko tu. Vichwa viwili vya 58.5 vinaweza kuwa kimoja kirefu kutoka paji hadi kisogo na kingine kilichokaribia duara. Mwenye kichwa kirefu akivaa helmeti ya mviringo, paji litamuuma huku pembeni kukiwa na nafasi. Mwenye kichwa cha mviringo akivaa helmeti ndefu, ataumia kwenye panja. Kupanda saizi kutapunguza maumivu, kweli, lakini helmeti itachezacheza kule kwenye nafasi. Dawa ni kubadilisha modeli. Shemeji alivua M, paji likawa halina alama, akaichukua.

Mashavu peke yake yakibana kupita kiasi wakati juu kumekaa vizuri, uliza kama modeli hiyo ina sponji za mashavu nyembamba zaidi. Nyingi zinazo na hubadilishwa kwa kubofya tu vifungo, na huna haja ya kupanda saizi nzima.

Helmeti za baiskeli zina uvumilivu zaidi, kwa kuwa nyingi zina kirekebishi cha kuzungusha kisogoni na saizi moja hubeba sentimita kadhaa. Namna ya kupima ni ile ile. Mtoto naye mnunulie ya kichwa alicho nacho leo, si ya kukulia.

Na soma jedwali la modeli unayoinunua, si la helmeti yako ya zamani. M ya mtengenezaji mmoja si lazima ilingane na ya mwingine; kuna wanaoandika namba moja tu kwa kila saizi, na kuna wanaoigawa M mara mbili. Shemeji angetaka aina nyingine, tungeanza upya na ile 58.5 yake, tukisahau kabisa kwamba huku alivaa M.