Nyota, reli na ritifaa: kumjibu mtu mwenye simu ya kitochi

Kwa muda sasa nimekuwa nikijibu maswali ya wafugaji wa kikundi chetu huku Chamwino, na wengi wao wanatumia simu za kitochi zinazopokea meseji za kawaida tu. Majibu huwa nayaandika kwanza kwenye kompyuta, kisha nayabandika kwenye ukurasa wa kutuma meseji. Kwa kuwa kazi yangu nyingine imenizoesha kuandika kwa alama za Markdown, yaani nyota mbili kila upande kwa neno la kukoleza na reli kwa kichwa cha habari, jibu langu la kwanza kuhusu siku ya josho lilikwenda hivi:

```
## Kuogesha mifugo
**Siku:** Jumamosi, *saa 1 asubuhi*

| Mnyama | Ada |
|---|---|
| Ng’ombe | 200 |
| Mbuzi, kondoo | 100 |

> Njoo na **daftari la mifugo**
```

Kwenye skrini yangu lilikuwa jedwali safi lenye maneno yaliyokolezwa. Kwenye simu ya mzee mmoja wa upande wa Mvumi kila alama ilifika kama ilivyoandikwa, kwa sababu programu ya meseji haizitafsiri alama hizo; kwake ni herufi kama herufi nyingine. Alinipigia kabla ya nusu saa kupita. "Mwanangu, hii namba nimeibonyeza haiendi. Inaanza na nyota ngapi?" Nilichelewa kumwelewa. Huku kwetu menyu ya pesa za simu huanza kwa nyota na kuishia kwa reli, kwa hiyo mtu anayeona nyota na reli kwenye meseji ana sababu nzuri kabisa ya kudhani ameletewa namba ya kupiga. Nilimwomba radhi, nikamsomea ujumbe kwa mdomo.

Jedwali ndilo lililoharibika zaidi. Skrini ya kitochi ni nyembamba, hivyo mistari ilikatika katikati, na ile 200 ikaangukia chini ya neno lisilo lake. Dawa yake ni kulivunja jedwali na kuufanya kila mstari wake usimame peke yake: jina la mnyama, nukta pacha, halafu ada yake, ili msomaji asihitaji kutazama juu kujua tarakimu ni ya nani. Hili ndilo jibu nililolituma mara ya pili:

```
Shikamoo mzee. Josho litafunguliwa Jumamosi saa 1 asubuhi.

1. Ng'ombe: sh 200 kila mmoja
2. Mbuzi na kondoo: sh 100 kila mmoja

Njoo na daftari la mifugo.
```

Kichwa cha habari kimeondoka, kwa kuwa sentensi ya kwanza inafanya kazi yake. Aya ni fupi, na kati ya aya na orodha kuna mstari mtupu mmoja, ambao ndio utenganisho pekee unaofika salama kwenye kila simu. Orodha nimeiandika kwa tarakimu, nukta na nafasi, bila kuingiza orodha ndogo ndani yake, maana nafasi za kusogeza maneno kulia hupotea au huonekana kama kosa la uandishi. Tarakimu zina faida nyingine: mzee anaweza kujibu "namba 2, wapo kumi na wanne" na nikamwelewa.

Ama kukoleza, ilinichukua muda kugundua kwamba Kiswahili kina njia yake isiyohitaji kuazima nyota. Mtu akiwa amezoea kuogesha Ijumaa, namwandikia "Jumamosi ndiyo siku ya josho, si Ijumaa tena", na mkazo unabebwa na "ndiyo" pamoja na neno lililotangulizwa. Herufi kubwa tupu nazitumia kwa nadra sana, kwa sababu mzee akiandikiwa kwa herufi kubwa hujiona anafokewa.

Sasa tatizo lililonigharimu fedha, ambalo halionekani kwa macho. Tazama tena neno "ng'ombe" katika meseji zote mbili. Katika ile ya kwanza ritifaa, yaani ile alama ndogo ya juu baada ya ng, imepinda, kwa kuwa programu ya kuandikia kwenye kompyuta huipinda yenyewe ili ipendeze. Katika ya pili imenyooka. Meseji ya kawaida hutumia seti ya herufi iitwayo GSM-7, inayoruhusu herufi 160 kwa meseji moja, na ritifaa iliyonyooka imo ndani yake. Iliyopinda haimo. Ikiingia hata moja, ujumbe mzima huhamia kwenye seti nyingine yenye nafasi ya herufi 70 tu, na ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67, kwa sababu sehemu ya nafasi huchukuliwa na maelezo ya kuviunganisha. Jibu langu la pili lina herufi 155 pamoja na nafasi na mistari mitupu, kwa hiyo ni meseji moja; ningeacha ritifaa iliyopinda, herufi zilezile zingelipiwa meseji tatu. Kwa lugha yenye ng'ombe, ng'ambo na ng'oa, mtego huu unakungoja kila siku.

Kugundua ni rahisi ukijua pa kutazama: kihesabio cha herufi kwenye ukurasa wa kutuma, au pembeni mwa ujumbe kwenye simu nyingi, huruka ghafla kutoka 160 kwenda 70. Kikiruka, kwanza natafuta ritifaa na alama za kunukuu, kisha kistari kirefu, kile kitone cheusi cha orodha, na alama ya ` ambayo waandishi wa Markdown huizungushia maneno. Mabano ya mraba na mstari wa wima wa jedwali havikirushi kihesabio hivyo, ila kila kimoja huhesabiwa kama herufi mbili. Siku hizi naandika majibu kwenye Notepad, ambayo haigusi ritifaa.

Kiungo cha mtandao nacho nakiandika kitupu kwenye mstari wake, bila mabano wala nukta mwishoni, maana baadhi ya simu huimeza alama ya mwisho kama sehemu ya anwani na ukurasa haufunguki.

Vijana wa kikundi wanatumia WhatsApp, ambayo hukoleza neno kwa nyota moja kila upande badala ya mbili, na haina jedwali. Nilijaribu kuwaandikia toleo lao peke yao nikachoka, kwani kila saa ya josho ikibadilika nilisahihisha mahali pawili na mara moja nikasahau mojawapo. Sasa jibu la kitochi ndilo linalokwenda kote.

Jambo moja halijakubali kupunguzwa: ratiba ya msimu mzima, yenye vijiji tisa na tarehe tatu kwa kila kijiji. Nilipoivunja mstari kwa mstari ilifika meseji nne, na wazee wakaacha kusoma kabla hawajafika kijiji chao. Kwa hiyo siitumi tena. Anayeuliza hupewa tarehe za kijiji chake tu katika mstari mmoja, na ratiba nzima imebandikwa kwa karatasi kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, ambako jedwali linakaa vizuri.