Hita ya shawa: pima maji kwanza, kilowati baadaye

Hita yangu ya kwanza ilikuwa ya kilowati 3.5. Msimu wa joto niliifurahia, baridi ilipoingia nikawa naoga maji ya uvuguvugu huku natetemeka. Nikadhani koili imekufa. Fundi akaipima, akakuta nzima kabisa, akaniuliza swali moja: "Shawa yako inatoa lita ngapi kwa dakika?" Sikuwa na jibu.

Nikachukua ndoo ya lita 10, nikafungua shawa kama ninavyooga, nikatazama saa. Ikajaa kwa sekunde 100, yaani lita 6 kwa dakika. Kipimajoto kikaonyesha maji ya bombani yana nyuzi 18. Mimi napenda kuoga kwenye 39, kwa hiyo hita ilitakiwa kuyapandisha nyuzi 21.

Hesabu yake ni nyepesi. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja ya selsiasi hula kilojuli 4.19 hivi. Gawanya kwa sekunde 60 za dakika, unabaki na 0.07:

```
kilowati = lita kwa dakika × nyuzi za kupanda × 0.07
6 × 21 × 0.07 = 8.82
```

Karibu kilowati 9! Ile yangu ya 3.5, kwa maji mengi kiasi hicho, ilikuwa ikiongeza nyuzi 8 tu: kutoka 18 hadi 26. Hita haikuwa na kosa lolote.

Ningeweza kununua kubwa, lakini kilowati 9 kwenye umeme wa volti 240 ni ampea 37 au 38, na waya wangu wa bafuni usingestahimili. Nikaona ni heri nipunguze maji. Nilibana valvu hadi ndoo ikajaa kwa dakika 3 kasoro kidogo, lita 3.5 kwa dakika, na bado shawa iliosha vizuri. Hapo hesabu ikashuka hadi kilowati 5.1, nikachukua hita ya 5.5. Hiyo inavuta ampea 23, kwa hiyo fundi aliivutia laini yake peke yake kutoka kwenye breka, pamoja na waya wa ethi. Usibane maji kupita kiasi, maana swichi ya shinikizo ndani ya hita haitawaka maji yakiwa machache mno.

Kuna jambo moja lililonishangaza baadaye. Kilowati zilizoandikwa kwenye kibandiko ni za volti zilizoandikwa hapohapo. Umeme ukishuka, nguvu hushuka zaidi, kwa kipeo cha pili. Jioni moja nilipima nikapata volti 210 badala ya 240: 210 kwa 240, mara yenyewe, ni 0.77. Hita ya 5.5 ikawa ya 4.2, na maji yakaishia nyuzi 35. Kama umeme wenu hulegea jioni, ligawe jibu la hesabu yako kwa 0.77 kabla ya kwenda dukani.