Onyo la mafuriko: meseji au tangazo la mnara?

"Niko kamati ya maafa ya kijiji, bonde la Rufiji. Tuna namba 900 za watu wa kutumiwa meseji. Zinatosha, au tudai tangazo la mnara wa simu?"

Ndugu mjumbe, daftari lenu linajua namba, halijui nani yuko bondeni usiku huo. Mvuvi mgeni hayumo. Aliyehamia Dar bado yumo. Tena meseji huenda mojamoja, na mtandao ukizidiwa zinapanga foleni. Mimi onyo la saa mbili usiku lilinifikia saa sita, magodoro nimeshayapandisha darini.

Tangazo la mnara hurushwa kwa wote kwa pamoja, na kila simu iliyoshika mnara ule hulipokea bila namba yake kujulikana. Simu janja nyingi hupiga king'ora hata ukiwa umeizima sauti. Ila vitochi vingi lazima uwashe mpangilio wa kulipokea kwanza, na mnara ukikosa umeme njia zote mbili zimekufa. Halichagui pia: aliye mlimani naye atashtuka, kwa hiyo tajeni vitongoji kwa majina.

Kamati haiwezi kulirusha yenyewe. Hiyo ni kazi ya kampuni ya simu kwa agizo la mamlaka. Anzeni kwa kamati ya maafa ya wilaya. Meseji zibakizeni kwa wenye mitumbwi na viongozi wa vitongoji, maana hizo walau huonyesha nani zimemfikia.